Tovuti Inapokataa VPN: Kuchagua kati ya Anwani ya Simu, Anwani ya Pamoja na Anwani ya Peke Yako

Mwanzoni mwa mwaka 2025, mitandao ya X na TikTok ilipozuiwa nchini Kongo, watu wengi wa Lubumbashi waliweka katika simu zao kwa mara ya kwanza VPN, yaani programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali ili uonekane unatokea huko, na wengi wao hawakuiondoa tena. Imebaki humo ikijiwasha yenyewe kila simu inapowaka, na mwenye simu amekwisha kuisahau. Kwa sababu hiyo naletewa simu ambazo wenyewe wanasema mtandao wake umeharibika, ilhali mtandao ni mzima, ila kuna tovuti moja au mbili ambazo hazitaki kabisa kufunguka.

Mmoja wa walioniletea simu ya namna hiyo ni mama jirani yangu anayeuza vipuri vya magari hapa Kamalondo. Tovuti ya mtu anayemuuzia mali kutoka nje ilikuwa imemfungia mlango tangu asubuhi. "Papa, jana nimenunua mega, leo naambiwa nimekatazwa kuingia. Nimewakosea nini hawa watu?" Katika kioo kulikuwa na maandishi `Error 1005` na chini yake `Access denied`. Hakuwa amemkosea mtu. Aliokuwa nao katika anwani moja ndio waliokosea, na yeye hakujua kwamba ana wenzake humo.

Ulinganisho huu unahusu jambo hilo moja: mtu wa Lubumbashi anapokataliwa na tovuti kwa sababu ya VPN au proksi, yaani mashine ya katikati inayotuma maombi kwa niaba yake, ana njia kadhaa za kuingilia, na kila njia humpa anwani ya aina tofauti. Kuchagua njia ni kuchagua anwani, na kuchagua anwani ni kuchagua majirani.

Kile ambacho tovuti inakiona

Tovuti haina jicho la kuona VPN ndani ya simu yako. Inachokiona ni anwani ya IP ambayo ombi lako limetokea. Kila anwani imo ndani ya fungu lililoandikishwa kwa jina la taasisi fulani. Kwa Afrika, mwenye kugawa mafungu hayo ni AFRINIC, yenye makao yake Morisi. Kila mtandao mkubwa pia una namba yake inayoitwa ASN. Kampuni za simu zina namba zake, vyuo vikuu vina zake, na kampuni zinazokodisha seva katika vituo vya data zina zake. Seva za VPN karibu zote zimekodishwa katika vituo hivyo vya data. Kwa hiyo tovuti ikiona mteja wa vipuri anakuja kutoka kwenye anwani ya kituo cha data, inajua papo hapo kwamba kuna kitu katikati, maana binadamu hakai ndani ya kituo cha data akiagiza breki za Toyota.

Zaidi ya hapo kuna kampuni, kama MaxMind, zinazouza orodha za anwani zinazojulikana kuwa ni za VPN na proksi. Kutengeneza orodha ya namna hiyo si uchawi: mtu hulipia VPN kwa mwezi mmoja, akaunganisha kwa kila seva kwa zamu, akaandika anwani anayotokea. Mwenye tovuti hununua orodha, akaiweka mlangoni, kazi ikaisha.

Ipo pia alama nyingine ambayo watu wa hapa huisahau, nayo ni saa. VPN hubadilisha anwani lakini haigusi saa ya simu. Kivinjari kikiulizwa na tovuti, kinajibu kwamba kinatumia majira ya `Africa/Lubumbashi`, kwa kuwa mji wetu una jina lake katika orodha ya kimataifa ya majira, tofauti na `Africa/Kinshasa` iliyo nyuma yetu kwa saa moja. Anwani inasema Amsterdam, saa inasema Lubumbashi. Kwa gazeti la kawaida jambo hilo halina uzito. Kwa benki au duka linaloogopa kadi za wizi, linatosha kumsimamisha mtu.

Makatazo mawili yasiyofanana

Kabla ya kulinganisha njia, ni lazima kutenganisha sababu mbili za kukataa, kwa sababu dawa ya moja haitibu nyingine. Nimeona watu wakipoteza fedha kwa kuchanganya sababu hizo.

Sababu ya kwanza ni majirani. Anwani moja ya VPN hutumiwa na mamia ya watu kwa wakati mmoja, na wachache kati yao wanafanya uharibifu: wanajaribu manenosiri yaliyoibwa kwa maelfu, wanajaza matangazo ya uongo, wanapima kadi za benki za wizi kwa manunuzi madogo madogo. Mwenye tovuti akimfungia mtu huyo, anabonyeza kitufe cha VPN na kurudi kwa anwani nyingine baada ya sekunde tano. Mwishowe mwenye tovuti huchoka na kufungia fungu lote. Wikipedia ni mfano ulio wazi: kusoma kwa VPN kunaruhusiwa kwa kila mtu, lakini kuhariri kupitia proksi na VPN zinazojulikana kumezuiwa, kwa kuwa walioharibu kurasa walikuwa wakijificha humo. Mhariri aliyesajiliwa na mwenye sababu ya kweli anaweza kuomba aondolewe katika kizuizi hicho. Hapa hakuna mtu anayekuchukia wewe wala nchi yako. Kinachochukiwa ni kutotambulikana.

Sababu ya pili ni mahali. Haki za kuonyesha filamu na michezo huuzwa nchi kwa nchi, na aliyenunua haki za nchi moja hataki mtu wa nchi nyingine aingie kwa mlango wa nyuma. Netflix ilianza kutoa huduma katika nchi nyingi zaidi, Kongo ikiwemo, Januari 2016, na mwezi huohuo ikatangaza kwamba itawazuia wanaotumia proksi na VPN kutazama filamu za nchi nyingine. Michezo ya bahati nasibu inafungwa na leseni za kila nchi. Mabenki na huduma za malipo yanafungwa na vikwazo vya kimataifa. Hawa hawasumbuliwi na tabia ya majirani zako. Wanasumbuliwa na kutojua kwa hakika uko wapi.

Kwa hiyo anwani safi isiyo na majirani wabaya inaweza kukufungulia milango ya kundi la kwanza hata ikiwa iko Ulaya, ilhali kwa kundi la pili usafi hauna maana kama mahali penyewe panatiliwa shaka. Niongeze kwamba mahali panaweza kukugeukia hata palipo safi. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, magazeti kadhaa ya Marekani, miongoni mwao Los Angeles Times na Chicago Tribune, yaliamua kuwafungia wasomaji wa Ulaya badala ya kutengeneza tovuti zao. Mtu wa Lubumbashi aliyefungua gazeti hilo bila VPN aliweza kusoma. Yule aliyewasha VPN ya Ujerumani, akidhani amejiongezea uhuru, ndiye aliyekataliwa.

Jinsi ya kujua umekataliwa kwa lipi

Tovuti nyingi husimama nyuma ya Cloudflare, kampuni inayozilindia mlango, na kosa lake huja na namba. Namba hiyo isomwe kabla ya kufanya lolote. `1005` maana yake mwenye tovuti amefungia mtandao mzima, yaani ASN, ambamo anwani yako imo. Kwa mwenye VPN karibu kila mara ni kituo cha data kilichofungiwa. `1006` ni anwani hiyo moja tu. `1009` ni nchi nzima. `1015` ni kwamba maombi yametoka mengi mno kutoka anwani hiyo kwa muda mfupi. `1020`, au ukurasa unaosema umezuiwa bila maelezo, ni kanuni ya ulinzi aliyoiandika mwenye tovuti mwenyewe, na sababu yake haionekani kwako.

Baada ya namba, angalia anwani unayotokea. Fungua `https://www.cloudflare.com/cdn-cgi/trace` VPN ikiwa imewashwa, kisha tena ikiwa imezimwa. Kwa simu ya mama wa vipuri, VPN ikiwa imewashwa, mistari muhimu ilikuwa ya namna hii (anwani zenyewe nimeweka zile zilizotengwa kwa ajili ya mifano):

```
ip=203.0.113.25
loc=NL
```

Na VPN ilipozimwa:

```
ip=198.51.100.77
loc=CD
```

`NL` ni Uholanzi, `CD` ni kwetu. Ukitaka kujua anwani ni ya nani, fungua `https://ipinfo.io` na usome sehemu inayotaja ASN: ukikuta jina la kampuni ya simu uko nyumbani, ukikuta jina usilolijua la kampuni ya seva, uko ndani ya kituo cha data. Tulipoizima VPN na kufungua upya tovuti ya vipuri, ilifunguka mara moja. Kosa `1005` lilikuwa limesema kweli.

Njia ya kwanza: kuzima VPN na kuingia kwa anwani ya simu

Hii ndiyo njia ambayo watu huiogopa bila sababu. Wanaambiwa na matangazo kwamba bila VPN nenosiri la benki linaonekana na kila mtu. Sivyo. Tovuti ikiwa na `https`, maandishi kati ya simu yako na tovuti yamefungwa. Kampuni ya simu inaweza kujua jina la tovuti unayotembelea, lakini si nenosiri wala salio. Kwa hiyo kuizima VPN kwa ajili ya benki hakuivui benki nguo. Kinachofichuka ni kwamba una akaunti katika benki hiyo, na watu wengi hawana shida na hilo. Mwandishi wa habari au mtetezi wa haki za watu anayeogopa hata jina la tovuti lijulikane, huyo hesabu yake ni nyingine na asichukue ushauri huu.

Kwa benki, kwa malipo ya kadi na kwa tovuti za serikali, anwani ya simu ndiyo bora kupita zote, kwa kuwa kila kitu kinakubaliana: kadi ya Kongo, simu ya Kongo, saa ya Lubumbashi, anwani ya Kongo. VPN huvuruga makubaliano hayo. Mtu aliyeingia benki saa tatu asubuhi akiwa Lubumbashi na saa tatu na dakika kumi akiwa Frankfurt, kwa mashine ya benki ni mtu aliyeibiwa.

Njia hii nayo ina kasoro yake, na wanaotushauri kutoka Ulaya hawaijui kwa sababu haiwapati. Anwani za IP za aina ya zamani, IPv4, hazitoshi, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukitazama anwani ambayo simu yako yenyewe imepewa, huenda ukaikuta inaanzia `100.64` hadi `100.127`, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, au `10.`, huku tovuti ikiona anwani nyingine kabisa. Maana yake hata bila VPN una majirani. Mmoja wao akiharibu, wewe utaulizwa uthibitishe kwamba si roboti, utachagua picha za taa za barabarani mpaka uchoke, au utapata `1015` ukiwa umefungua ukurasa mmoja tu. Mara nyingi kuiweka simu katika hali ya ndegeni kwa nusu dakika na kuirudisha hukupa anwani nyingine ya nje, na tatizo linakwisha kwa siku hiyo.

Kuna kipengele kidogo cha mipakani ambacho wafanyabiashara wa Kasumbalesa wanakijua bila kukielewa. Laini ya Zambia inayotumika upande wetu kwa kuazima mtandao wa hapa, kwa kawaida hupeleka data yake kwanza nyumbani Zambia, ndipo itoke kwenda duniani. Tovuti inaona mtu wa Zambia mwenye anwani ya kampuni ya simu, si ya kituo cha data, na `1005` haitokei. Gharama ya kuazima mtandao huifanya njia hiyo kuwa ya dharura tu.

Njia ya pili: VPN ya kulipia yenye anwani ya pamoja

Hii ndiyo VPN ya kawaida, na nguvu yake ndiyo udhaifu wake. Kwa kuwa mamia wanatokea kwa anwani moja, ni vigumu kusema ni yupi aliyefanya nini, na hilo ni kinga nzuri kwa anayetaka kusoma habari siku mitandao inapozuiwa. Kwa sababu hiyohiyo, tovuti nayo haiwezi kukutenganisha na mhuni aliye kando yako.

Ukikataliwa ukiwa humo, jambo la kwanza ambalo kila mtu hufanya ni kubadilisha seva, na hapa namba ya kosa inakuokoa muda. Kwa `1006`, kubadilisha seva kunaweza kusaidia, maana ni anwani moja iliyofungiwa. Kwa `1005`, kuhamia seva nyingine katika kituo kilekile cha data hakusaidii chochote hata ukihama mara kumi. Inabidi uhamie seva iliyo katika kampuni nyingine ya seva, jambo ambalo programu ya VPN haikuonyeshi, ila `ipinfo.io` itakuonyesha. Kwa `1009`, chagua nchi nyingine.

Kwa mtu wa Lubumbashi, seva ya Afrika Kusini, ikiwepo, ni afadhali kuliko ya Ulaya kwa matumizi ya kawaida. Johannesburg iko umbali wa takriban kilomita 1,600 kwa mstari ulionyooka, na London ni zaidi ya mara nne ya hapo, na kila ukurasa unaofunguliwa hulipa safari hiyo mara nyingi kwenda na kurudi. Kuhusu mega, ulaji wa VPN ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: itifaki ya VPN iitwayo WireGuard huongeza baiti 60 kwa kila pakiti kwa IPv4, ambayo kwa pakiti kubwa ni kama asilimia 4. Anayelalamika kwamba VPN imemmalizia mega, mara nyingi zimemalizwa na video.

Njia ya tatu: anwani ya peke yako

Kampuni kadhaa za VPN hukodisha anwani isiyotumiwa na mtu mwingine, kwa dola chache za ziada kila mwezi. Hapa majirani wanaondoka, na pamoja nao yanaondoka makatazo mengi ya kundi la kwanza: hakuna `1015` usiyoisababisha, picha za taa za barabarani hupungua, na tovuti unayoingia kila siku huanza kukuzoea kwa anwani ileile. Kwa mtu anayefanya kazi ya mbali kwa mwajiri wa nje, hii ndiyo njia ninayoipendekeza, kwa sababu mwajiri anaweza kuiandika anwani hiyo moja katika orodha ya wanaoruhusiwa na kumfungia kila mwingine.

Lakini muuzaji hasemi mambo mawili. Kwanza, kwa kawaida anwani hiyo bado imo ndani ya fungu la kituo cha data. Tovuti inayotoa `1005` haiangalii kama uko peke yako chumbani; imefungia jengo zima. Pili, ukiwa peke yako unatambulika. Kila ulichofanya kwa anwani hiyo ni chako, na kampuni ya VPN inajua jina la aliyeilipia. Umenunua sifa njema kwa kuuza maficho, na anayetaka vyote viwili kwa wakati mmoja atakuwa ametoa fedha bure.

Wapo vijana mafundi ambao badala ya kununua hukodisha seva yao wenyewe kwa dola 5 hivi kwa mwezi na kuweka WireGuard humo. Ni kazi nzuri ya kujifunzia, na anwani inakuwa ya peke yako, ila hukumu ni ileile: kituo cha data. Na kampuni za seva za bei ndogo ndizo hasa ambazo wenye tovuti hufungia mwanzo, kwa kuwa waharibifu nao wanapenda bei ndogo. Kwa tatizo hili la kukataliwa, sioni faida yake.

Njia ninayoikataa: VPN ya bure na proksi ya nyumbani

VPN ya bure kutoka kampuni inayouza pia ya kulipia, yenye kasi ndogo ili ikuvute ulipe, inaeleweka. Shida yake ni majirani wengi zaidi. Ninayoizungumzia hapa ni ile isiyouza kitu chochote na bado haikomi kutoa data bila kikomo. Bei yake ni anwani yako.

Kuna soko kubwa la proksi zinazoitwa za nyumbani: anwani za watu wa kawaida, ambazo tovuti huziamini kwa kuwa si za kituo cha data. Kuzipata, mtu huweka programu ya bure katika simu na kompyuta za watu, kisha hupitisha kazi za wateja wake humo. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Hola, VPN ya bure iliyokuwa maarufu, ilikuwa ikiuza njia za watumiaji wake namna hiyo. Mwezi Mei 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao ulioitwa 911 S5, uliokuwa umeshika kompyuta zenye anwani za IP zaidi ya milioni 19 duniani. Miongoni mwa mitego yake zilikuwa VPN za bure zenye majina kama MaskVPN na DewVPN.

Matokeo yake kwa mji kama wetu ni mabaya kuliko Ulaya. Simu moja ya Katuba yenye programu hiyo hutuma uharibifu wa watu wa mbali kupitia anwani ya nje ya kampuni ya simu, na anwani hiyohiyo inatumiwa na mamia wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kampemba. Baada ya wiki chache anwani inaingia katika orodha ya proksi, na mwanafunzi asiyewahi kusikia neno VPN anaambiwa na tovuti azime VPN yake. Jambo hili limewapata wahariri wa Wikipedia katika nchi kadhaa za Afrika: mafungu ya kampuni za simu yalifungiwa kwa sababu ya proksi za namna hiyo, na wasio na kosa wakafungiwa pamoja nao. Ukipata onyo la VPN na huna VPN, tazama kwanza programu za bure zilizo ndani ya simu yako, ikiwemo zile zinazoahidi kukulipa kwa "mega usizotumia", ndipo uwashuku majirani.

Kuchanganya mbili katika simu moja

Chaguo langu kwa watu wengi wa Lubumbashi si njia moja, bali ni ya kwanza na ya pili pamoja: VPN ya kulipia iwepo, lakini benki, malipo ya simu na maduka yapite nje yake. Programu nyingi nzuri za VPN katika Android zina sehemu iitwayo `Split tunneling`, ambamo unachagua programu zisizopita ndani ya VPN. Mama wa vipuri tuliitoa programu ya benki yake humo, pamoja na kivinjari cha pili tulichokiweka kwa ajili ya biashara tu. Kivinjari cha kwanza kikabaki ndani ya VPN kwa habari na mazungumzo. Kwake ni rahisi kukumbuka, kwa sababu alama za vivinjari viwili hazifanani rangi.

Kuna mtego mmoja uliotupotezea karibu saa nzima. Katika mipangilio ya Android, upande wa VPN, kuna kitufe cha `Block connections without VPN`. Kikiwashwa, programu uliyoitoa nje ya VPN hairuhusiwi kutumia mtandao kabisa, na benki inasema hakuna mtandao huku kila kitu kingine kinafanya kazi. Kitufe hicho na njia hii ya kuchanganya haviendi pamoja, chagua kimoja. Kwa iPhone, programu za VPN kwa kawaida hazina ruhusa ya kutenga programu moja moja, kwa hiyo mwenye iPhone abaki na kuizima na kuiwasha kwa mkono.

Mama alikuwa na tovuti moja zaidi, ya orodha za vipuri, ambayo haikukubali chochote. VPN ikiwa imezimwa ilitoa `1009`, yaani mwenye tovuti ameifungia Kongo yote. VPN ikiwa imewashwa, kwa nchi tatu tofauti, ilitoa `1005`. Kwa mchanganyiko huo hakuna kitu cha kununua: anwani ya peke yako ingekuwa bado ya kituo cha data, na hata kama ingepenya, akaunti iliyofunguliwa kwa kuficha nchi inaweza kufungwa siku ya kulipa, wakati anwani ya kupokelea mzigo inaposema Lubumbashi. Njia iliyobaki ni kumwandikia mwenye tovuti. Chini ya ukurasa wa kosa kuna namba iitwayo `Ray ID`. Tuliinakili, tukaandika saa ya tukio na anwani ya IP iliyoonekana, tukamweleza kwamba ni mteja wa vipuri anayeagiza kutoka Kongo kwa jina lake halisi. Kwa namba hiyo mwenye tovuti anaweza kuona katika kumbukumbu zake ni kanuni ipi iliyomzuia, na kuiruhusu anwani moja au mtandao wa kampuni moja ya simu bila kufungulia dunia. Barua iende siku hiyohiyo, kwa kuwa kumbukumbu hizo hazihifadhiwi muda mrefu. Tuliituma jioni, na tangu hapo mama ananunua mali hiyo kwa kupiga simu, akisubiri jibu.